Kibofu Kinapowaka: Dozi Fupi, na Namna ya Kujua Dawa Imegoma

Aliingia Jumatatu saa nne asubuhi, akanisalimia, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu asiyetaka kukaa muda mrefu. Kisha akaomba ruhusa ya kwenda chooni kabla hata sijafungua daftari. Aliporudi akacheka kwa aibu. "Dokta, hii ni mara ya tano tangu niamke, na kila nikienda linatoka tone. Tena linaunguza."

Ana miaka 24, fundi cherehani, ameolewa miezi sita iliyopita. Banda analoshonea liko Mbagala, choo kiko nyuma ya soko na cha kulipia, kwa hiyo mkojo huubana mpaka amalize gauni. Ijumaa jioni, maumivu yalipoanza, alikwenda duka la dawa akapewa septrini: vidonge viwili asubuhi na viwili jioni kwa siku tatu. Hakuruka hata kimoja. Viwili vya mwisho alivimeza asubuhi ile ile kabla ya kupanda daladala. Mkojo ulikuwa unaunguza Jumatatu kama ulivyounguza Ijumaa.

Nimekaa kwenye kiti cha tabibu wa zahanati miaka mingi, na kisa cha aina hii nakiona karibu kila wiki. Nakieleza hapa kwa sababu kina mambo mawili ambayo watu huyachanganya: dozi kuwa fupi, na dawa kugoma. Huyu dada alikuwa na hakika kwamba dawa haikufanya kazi kwa sababu siku tatu ni chache. Alichotaka kwangu ni karatasi ya kununulia septrini nyingine za siku saba, au "ile sindano".

Kwanza nilitaka kujua kama ni kibofu kweli. Siku hizi neno UTI limekuwa kama shuka la kujifunika: mtu ana homa, kipimo cha malaria hakioneshi kitu, anaambiwa ana UTI na kurudi nyumbani na mfuko wa dawa. Maambukizi yaliyobaki ndani ya kibofu hayaleti homa. Yanaleta mambo yanayojirudia hata ukisimuliwa na wanawake kumi tofauti: mkojo kuunguza, kwenda kila mara, haja inayokuja kwa haraka na kutoa kidogo, maumivu chini ya kitovu juu ya mfupa wa kinena, na wakati mwingine mkojo wenye wekundu wa damu. Mwanamke kijana mwenye kuungua na kwenda mara kwa mara, asiye na uchafu wala muwasho ukeni, ana uwezekano wa zaidi ya asilimia 90 kuwa na maambukizi ya kibofu. Hakuna kipimo cha zahanati kitakachokupa uhakika mkubwa kupita maswali hayo mawili matatu.

Kwa hiyo nilimuuliza. Homa? Hapana. Baridi ya kutetemeka, kutapika, maumivu ubavuni chini ya mbavu? Hapana. Uchafu ukeni, harufu, muwasho? Hapana. Kisukari, mawe ya figo, upasuaji wa njia ya mkojo? Hakuna. Imeshampata mara ngapi mwaka huu? Hii ni ya kwanza. Hedhi ya mwisho lini? Hapo alisita kidogo, tukapima mkojo wa mimba, hakuwa mjamzito. Swali hilo si la kuruka, kwa sababu mjamzito hahesabiwi katika kundi hili: mkojo wake huoteshwa, dawa zake huchaguliwa kwa kuangalia umri wa mimba, na maambukizi kwake hupanda kwenye figo kwa urahisi.

Mwanamke ambaye majibu yake yote ni kama haya ndiye tunayesema ana maambukizi mepesi ya kibofu. Mepesi maana yake si kwamba hayaumi. Maana yake ni kwamba njia yake ya mkojo imeumbika sawa, hana ugonjwa unaompa kijidudu mahali pa kujificha, na maambukizi hayajapanda juu. Mrija wa kutolea mkojo wa mwanamke una urefu wa sentimita nne hivi, na mlango wake uko jirani na njia ya haja kubwa. Bakteria wanaoishi utumbuni bila madhara, hasa E. coli, husogea hatua hizo chache, mara nyingi wakisukumwa na tendo la ndoa, wakafika kibofuni. Ndiyo maana wengi huanza kuugua katika miezi ya mwanzo ya ndoa. Si uchafu wa mtu, wala si choo cha soko kilichomwambukiza. Choo kile kilimponza kwa njia nyingine tu: alikuwa anaubana mkojo ambao ungewasomba wageni wale.

Sasa turudi kwenye siku tatu. Septrini ya siku tatu kwa kibofu ni dozi kamili, haikukatwa kati. Maambukizi mepesi hukaa kwenye ngozi laini ya ndani ya kibofu, na dawa tunazozichagua huchujwa na figo zikajikusanya kwenye mkojo kwa wingi kuliko zilivyo kwenye damu. Kibofu kinakuwa kimelowekwa ndani ya dawa mchana na usiku. Bakteria anayesikia dawa hiyo hawezi kuhimili siku tatu au tano za kulowekwa hivyo. Asiyesikia hata mwezi hautamtosha, na kila siku ya ziada inakwenda kuwapiga bakteria wema wa utumbuni, kisha kuwachagua wale sugu wabaki na kuzaana. Utumbo huo huo ndiko watakakotoka wavamizi wa mara ijayo.

Septrini ilikuwa dawa nzuri sana kwa ugonjwa huu, na penye bakteria wachache walioizoea bado ni nzuri. Miongozo mingi huweka mstari kwenye asilimia 20: bakteria sugu mtaani wakipita hapo, usianze nayo bila kuotesha mkojo. Kwetu mstari huo tumeshauvuka zamani. Utafiti mkubwa uitwao HATUA, uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania, ulipima mkojo wa watu zaidi ya 7,500 waliokuwa na dalili za UTI. Bakteria walipatikana kwa theluthi moja hivi tu ya watu hao, jambo linalotosha kumfanya tabibu ajiulize anawapa antibaiotiki wangapi wasiozihitaji. Na kwa E. coli waliopatikana, zaidi ya nusu walikuwa sugu kwa makundi matatu au zaidi ya dawa. Moja ya dawa mbili zinazounda septrini ilikuwa kati ya zilizogomewa zaidi.

Kwa hiyo muuza dawa alimpa dada huyu dozi sahihi ya dawa isiyo sahihi kwa mji huu. Amoksilini nayo ingekuwa hivyo hivyo. Sipro ingeweza kufanya kazi, ila hiyo ni silaha tunayopaswa kuiweka kwa ajili ya figo na magonjwa makubwa, ina madhara ya mishipa inayoshikiza misuli kwenye mifupa, na nayo usugu wake umepanda kwa sababu tumeigawa kama peremende. Shirika la Afya Duniani limeipanga kwenye kundi la dawa za kuangaliwa, siyo za kuanzia. Kuhusu "ile sindano" ya siku tano, ambayo siku hizi imekuwa kama heshima ya mgonjwa: kwa kibofu chepesi ni kuchukua nyundo kumpiga mbu. Mwanamke anayeweza kumeza kidonge hana sababu ya kuchomwa.

Niliyomwandikia ni nitrofurantoini. Ni dawa ya zamani, ilianza kutumika Marekani mwaka 1953, na kwa miaka mingi ilidharauliwa kwa sababu haina nguvu kwenye damu. Udhaifu huo ndio sifa yake hapa. Ukiimeza, karibu kazi yake yote hufanyikia kwenye mkojo. Tena humshambulia bakteria sehemu nyingi kwa wakati mmoja, ndiyo maana E. coli wengi bado hawajajifunza kuikwepa. Kwa sababu hiyo hiyo haifai kabisa kama maambukizi yamefika kwenye figo, maana kwenye nyama ya figo haifiki kwa kiasi cha kutosha. Haiwafai watu wenye figo zilizochoka, wala mjamzito aliyekaribia kujifungua, wala mtu mwenye upungufu wa G6PD, ile kasoro ya kurithi ya chembe nyekundu ambayo haiko mbali na watu wetu wa pwani. Mtu aliyewahi kukojoa mkojo mweusi na kuishiwa damu baada ya kumeza dawa fulani aseme mapema.

Kuna mtego mmoja kwenye boksi, na nilimwonesha kwa kidole. Nitrofurantoini huja kwa sura mbili. Kuna kapsuli ya kuachia dawa taratibu, miligramu 100, ambayo humezwa mara mbili kwa siku. Na kuna kidonge cha kawaida, ambacho huisha mapema mwilini, kwa hiyo humezwa miligramu 50 kila baada ya saa sita, yaani mara nne kwa siku. Nimekutana na watu waliopewa kidonge cha kawaida kwa maelekezo ya kapsuli, wakakaa nusu ya siku na mkojo usio na dawa, kisha wakarudi wakisema nitrofurantoini haifai. Zote mbili humezwa na chakula, maana huingia vizuri zaidi mwilini na kichefuchefu hupungua. Na mkojo hugeuka rangi ukawa njano iliyokolea au kahawia kama chai ya mkandaa. Hilo ni dawa yenyewe inapita, wala si damu.

Kwa mgonjwa wa mara ya kwanza, nitrofurantoini ni siku tano. Dada huyu nilimwandikia saba, kwa sababu alikuwa ameshashindwa na dawa ya kwanza, na tiba ya marudio kwa kawaida hubadilishwa dawa na kupewa juma zima.

Akaniuliza kuhusu unga ambao shoga yake aliupata hospitali fulani, "wa kunywa mara moja tu basi". Huo ni fosfomisini, gramu 3, huchanganywa na maji yasiyo ya moto na kunywewa mara moja, vizuri zaidi usiku baada ya kukojoa ili ubaki kibofuni. Dawa huendelea kukaa kwenye mkojo siku mbili tatu. Ni nzuri kwa mtu ambaye unajua vidonge vya siku tano vitamshinda. Lakini mwaka 2018 kulichapishwa utafiti uliofanyika Uswisi, Polandi na Israeli, ukawalinganisha wanawake waliopewa unga huo na wale waliomeza nitrofurantoini siku tano. Baada ya siku 28, waliopona kabisa walikuwa asilimia 58 kwa unga na 70 kwa nitrofurantoini. Kwa kuwa unga huo kwetu ni ghali na hauko kila duka, sikuona sababu ya kumtuma autafute.

Kabla hajameza kitu, nilitaka mkojo wake ukaoteshwe. Mgonjwa mwepesi wa mara ya kwanza huhitaji maswali tu, pengine na kile kijiti cha kuchovya. Aliyegomewa na dawa huoteshewa, kwa sababu sasa kubahatisha mara ya pili ni ghali. Hapo ndipo kazi nyingi huharibika, tena bila maabara kuwa na kosa. Mgonjwa anapewa kikopo, hakuna anayemweleza, anakojoa ule mkojo wa mwanzo uliosomba bakteria wa ngozini, kisha kikopo kinawekwa dirishani kwenye joto la Dar es Salaam mpaka mtu wa kukibeba apatikane. Piga hesabu. Tuseme mkojo una bakteria 2,000 tu wa ngozini kwa kila mililita, na wanaongezeka mara mbili kila nusu saa. Baada ya saa tatu dirishani wameongezeka mara 64, wamefika 128,000. Kiwango kinachotumika tangu miaka ya 1950 kusema "hapa pana maambukizi" ni 100,000. Dirisha limemtengenezea mtu ugonjwa.

Kwa hiyo nilimwelekeza hivi: tanua kwa vidole, jifute kutoka mbele kwenda nyuma, acha wa mwanzo uende chooni, kinga wa katikati, funga kifuniko bila kugusa ndani, niletee mkononi mwangu. Ukafika maabara ndani ya saa moja. Ukichelewa zaidi ya saa mbili uwe kwenye friji.

Sasa sehemu ambayo nadhani ndiyo mgonjwa anapaswa kuondoka nayo kichwani: saa. Dawa inayofanya kazi kibofuni haimpi mtu nafuu baada ya kidonge cha kwanza, na wengi hukata tamaa usiku wa kwanza wakabadilisha dawa bure. Lakini ndani ya saa 48 mpaka 72 lazima kuwe na mabadiliko ya wazi. Kuungua kupungue, usiku aamke mara moja badala ya sita. Siku ya tatu ikifika na hali ni ile ile ya siku ya kwanza, dawa imegoma. Hapo si suala la kuongeza siku za dawa ile ile, ni suala la kuotesha na kubadilisha. Ndivyo ilivyokuwa kwa septrini yake, na aliposubiri Jumatatu ifike hakukosea.

Kuna kugoma kwa aina ya pili. Mtu anapata nafuu, anamaliza, anakaa siku nane vizuri, kisha moto unarudi. Ukirudi ndani ya wiki mbili, tunachukulia kwamba ni kijidudu kile kile ambacho hakikuisha, kwa hiyo mkojo unaoteshwa na dawa inabadilishwa. Ukirudi baada ya miezi miwili, huo kwa kawaida ni uvamizi mpya, na dawa ya kwanza haijashindwa. Inaweza kutumika tena.

Na kuna ile isiyosubiri saa 72. Homa ya nyuzi 38 na zaidi, baridi ya kutetemeka, kutapika, maumivu ya upande mmoja wa mgongo chini ya mbavu ambayo daktari akigonga kwa ngumi laini mgonjwa anaruka. Hapo maambukizi yamepanda kwenye figo. Nitrofurantoini na fosfomisini hazina kazi tena, na mtu anatakiwa hospitali siku hiyo hiyo. Nilimwandikia dada yangu haya nyuma ya kadi yake: homa, kutapika, ubavu. Usingoje kesho.

Niseme pia juu ya wale ambao dawa hugoma kwa sababu hapakuwa na bakteria wa kibofu tangu mwanzo. Klamidia na trikomona huunguza mkojo vile vile, na huoni kitu kwenye uoteshaji wa kawaida. Fangasi wa ukeni huunguza pale mkojo unapogusa nje, si ndani. Nilikuwa na binti kutoka Pemba aliyemaliza dozi tatu za UTI kwa miezi minne, kila mara kwa sababu ya damu kwenye mkojo na seli za usaha. Mkojo wake ukioteshwa hauoti kitu. Tulipoutafuta kwa hadubini mkojo wa mchana, tukakuta mayai ya kichocho, yenye mwiba wake mkiani. Dawa yake ilikuwa prazikwanteli. Antibaiotiki zote zile zilikuwa zimepita njia tu. Ukiona majibu ya kuotesha ni safi na bado mtu anaumwa, usimwandikie nguvu zaidi, mrudie kwa maswali.

Jumatano usiku fundi wangu alinitumia ujumbe: ameamka mara moja tu, na mkojo umekuwa "kama soda ya rangi". Alhamisi majibu ya maabara yakaja. E. coli, zaidi ya 100,000. Sugu kwa septrini, sugu kwa ampisilini, sugu kwa sipro. Anasikia nitrofurantoini, anasikia fosfomisini. Kama ningempa sipro aliyoitaka shoga yake, angerudi kwangu wiki hiyo hiyo na tungeshapoteza siku nyingine tatu. Hapakuwa na cha kubadilisha. Nilimwambia amalize siku zake saba.

Alirudi Jumatatu iliyofuata na kasha tupu mkononi. Hana kuungua, hana haraka, analala. Alitaka apime tena, ahakikishe "vimeisha vyote". Nikamwambia mwanamke asiye mjamzito ambaye dalili zimeisha hapimwi tena, kwa sababu wapo wenye bakteria kwenye mkojo wasiowasumbua chochote, na ukiwakuta utashawishika kuwatibu bila faida. Aliikunja ile noti ya kipimo akairudisha kwenye mkoba.

"Basi hii ya choo cha soko," akasema. "Maana umenikataza kubana."